Msambazaji akisema "ni nje ya uwezo wangu", muulize tarehe

Wadau, hii imenikuta mwenyewe msimu wa masika. Wengi tunaouza mtandaoni tukishatumiwa hiyo meseji tunanyamaza, tunaenda kumbembeleza mteja.

Nilikuwa na oda ya vyungu vya Kisi 80, mteja yuko Dar anafungua mgahawa. Vyungu hivi wanafinyanga akina mama wa Ikombe, chini ya milima ya Livingstone. Vinakuja kwa mtumbwi mpaka upande wa Matema, halafu vinapanda gari kupitia Ipinda mpaka huku Kyela mjini. Mimi nina msambazaji wa kuniletea. Mwezi Machi tuliandikishana karatasi moja: vyungu 80 saizi ya kati, 5,000 kimoja, vifike dukani tarehe 14 Aprili, nusu nitangulize. Nikatoa 200,000.

Tarehe 14 kimya. Tarehe 15 simu inaita tu. Tarehe 19 ndio naletewa: "Dada, mafuriko yamekata barabara. Hili ni tukio lililo nje ya uwezo, soma kipengele cha sita, mimi sihusiki na kuchelewa."

Kipengele kweli kipo. Kinasema aliyezuiwa na tukio lisilotarajiwa na lisiloepukika, kama mafuriko au amri ya serikali, hatahesabiwa amevunja mkataba kwa muda ambao tukio linamzuia, mradi atoe taarifa ndani ya siku mbili. Watu tunasoma neno "mafuriko" tunaishia hapo. Lakini neno lenye kazi pale ni "linamzuia". Maji kujaa barabarani hakutoshi, lazima yawe ndiyo yaliyozuia mzigo huu usifike siku ile.

Na maji yalijaa kweli, sikutaka kumbishia kitu ambacho Kyela nzima imekiona. Nikamjibu hivi:

"Kaka pole na mvua. Naomba unisaidie mambo haya ili tujue kipengele cha sita kinakuhusu kwa siku ngapi. Barabara ilikatika tarehe ngapi na ilifunguka tarehe ngapi? Siku hiyo vyungu vyangu vilikuwa wapi, Ikombe, Matema au njiani? Ulijaribu njia gani nyingine? Na kwa nini taarifa imekuja leo?"

Mnaona sijamwita muongo. Ukianza na matusi atajibu matusi, na tarehe hutazipata.

Akajibu barabara ilikatika tarehe 17, ikapitika tarehe 18 jioni. Vyungu vilikuwa bado Ikombe, "havijachomwa kwa sababu ya mvua". Hapo kesi yake ilianguka yenyewe. Mzigo ulitakiwa tarehe 14, maji yamekuja tarehe 17, kwa hiyo alikuwa ameshachelewa siku tatu kabla barabara haijaguswa. Na hata kama barabara ingekuwa kavu, chungu kibichi hakipandi gari.

Akahamia kwenye mvua ya kuchomea. Sawa, vyungu vinachomwa nje kwa moto wa wazi, mvua inasumbua kweli. Lakini tulikubaliana mwezi Machi, na hakuna mtu wa Kyela anayeshangaa mvua ya Aprili. Halafu karatasi ilisema vyungu vya Kisi, haikusema vya mama fulani. Gulio la Lyulilo, pale jirani na Matema, vyungu vilivyokwisha kuchomwa vinauzwa. Akasema pale bei ingemla faida. Ndugu zangu, kupata hasara siyo kushindwa.

Hata ambaye hana kipengele kwenye karatasi yake, ipo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Kifungu cha 56 kinahusu mkataba ambao kuutekeleza kumekuwa hakuwezekani kabisa. Kuwa kugumu au ghali hakutoshi. Na kifungu cha 65 wengi hawakijui: mkataba ukifa kwa namna hiyo, aliyepokea faida anairudisha. Maana yake hata angenishinda kwenye mafuriko, asingekaa na 200,000 yangu bila kuleta chungu.

Nilimkubalia kitu kimoja. Tukio likija wakati mtu ameshachelewa, mkataba wetu haukusema lolote, lakini siku mbili za barabara sikumdai. Nilimwambia: lete vilivyopo kufikia tarehe 24, visivyofika rudisha hela yake.

Alileta 52 tarehe 23, viwili vimepasuka. Hamsini vizima ni 250,000, nikamwongezea 50,000, tukafunga hesabu. Mteja wa Dar alichukua hamsini, ila vile thelathini alishaagiza kwingine.

Karatasi ya oda ninayotumia sasa nimeongeza mstari chini ya kile kipengele: mvua za masika hazihesabiwi kuwa tukio lisilotarajiwa.