Kiwanja hakijapimwa mpaka muhuri ugongwe

Ukinunua kipande cha shamba Kenya, fundi aliyechomeka vigingi vinne hajakupa mpaka. Sheria ya Upimaji, Sura ya 299, inasema ardhi haihesabiwi kuwa imepimwa hadi ramani yake iidhinishwe kwa saini ya Mkurugenzi wa Upimaji au afisa aliyemwidhinisha, ama kwa muhuri wa idara hiyo.

Kabla ya hapo lazima awepo mpima mwenye leseni. Shahada pekee haimfikishi huko: hufanya kazi uwandani chini ya mwenye leseni, kisha hukabili mitihani ya Bodi ya Wapima Ardhi. Sehemu ngumu ni upimaji wa majaribio, kwa sababu daftari lake linasomwa mstari kwa mstari. Nambari iliyokosewa hukatwa kwa mstari, haifutwi, ili mkaguzi aone kilichoandikwa mwanzo.

Chukua kiwanja cha pembe nne. Pembe zake za ndani zinapaswa kujumlika nyuzi 360. Zikizidi kwa dakika moja, hilo linaonekana dogo, lakini dakika moja kwenye umbali wa mita 300 huhamisha jiwe la mpaka karibu sentimita 9. Kwenye kiwanja cha mjini, huo ni ukuta wa jirani.

Mwenye leseni anaweza kumtuma msaidizi shambani, lakini jina lililo kwenye ramani ni lake, na kosa pia ni lake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ulizia ramani iliyoidhinishwa.