Mng'ao wa Chupa Gizani
Ukiona tangazo la wiski, chupa imesimama gizani na kinywaji kinawaka rangi ya kaharabu, usidhani taa imeelekezwa mbele yake. Kioo kikimulikwa usoni hutoa doa jeupe la taa, na wiski huonekana nyeusi kama chai ya rangi iliyolala.

Mpiga picha hutandika kitambaa cheusi nyuma, kisha huweka taa mbili ndefu nyembamba, moja kila upande, nyuma kidogo ya chupa. Hizo huchora mstari wa mwanga kwenye kingo. Mng'ao wa ndani, kwa kweli, ni ujanja wa karatasi: hukatwa kadi ya rangi ya fedha au dhahabu yenye umbo la chupa, ikafichwa nyuma yake na kuinamishwa mpaka irudishe mwanga kupitia kinywaji. Ikizidi upana, ukingo wake huchungulia. Ikiwa ndogo mno, mabaka meusi hubaki pembeni.

Lebo haipitishi mwanga, hivyo hupigiwa picha ya pili kwa taa ndogo ya mbele, na picha hizo huunganishwa kwenye kompyuta. Katikati hapo kamera isiguswe. Chupa nayo hushikwa kwa glavu, maana taa za pembeni hufichua kila alama ya kidole.