Ritifaa ya ng'ombe na masaibu yake ndani ya kompyuta

Andika neno ng'ombe kwenye simu, ulitume kwa barua pepe, mwenzako alinakili kwenye jedwali, kisha jedwali litumike kuchapa orodha ya mifugo. Mwisho wa safari hiyo unaweza kulikuta neno lako likiwa hivi:

```
ngâ€™ombe
ng?ombe
ng'ombe
```

Wengi huyaona hayo na kusema kompyuta imeharibika. Haijaharibika. Kila umbo lina chanzo chake, na ukijua kulisoma unaweza kutaja hatua iliyoliumiza neno.

Tuanze na sauti yenyewe. Katika ngoma na ngazi, g inasikika. Katika ng'ombe, ng'ambo, nung'unika na king'ora, g haipo kabisa. Pumzi yote inapita puani. Waganda wana herufi yake, ŋ, ingawa wengi wao nao huandika ng' kwa sababu herufi hiyo haipo kwenye kibodi za kawaida. Kiswahili hakikuchukua herufi mpya. Kilichukua alama iliyokuwapo kwenye kila taipureta, ritifaa, na kuifanya sehemu ya herufi. Ukiiacha, neno linahama: ng'oa inakuwa ngoa, yaani tamaa au wivu, na ng'ara inakuwa Ngara, wilaya ya Mkoa wa Kagera.

Sisi tunaihesabu kuwa sehemu ya herufi. Mashine inaihesabu kuwa alama ya uandishi, ndugu ya alama za kufungua na kufunga usemi. Ukibofya mara mbili juu ya ng'ombe, programu nyingine zitakuchagulia ombe peke yake. Programu inayokuza herufi ya kwanza ya kila neno inaweza kukuandikia Ng'Ombe na Murang'A, kwa kuwa imedhani neno jipya limeanza baada ya ritifaa.

Balaa kubwa zaidi ni kwamba ritifaa ziko mbili. Ya kwanza imesimama wima, ', ndiyo ya taipureta na ndiyo iliyo kwenye kibodi. Ya pili imepinda, ’, ndiyo ya vitabu. Ukiandika kwenye programu ya kuandikia barua, unabonyeza ile iliyosimama, nayo inakubadilishia iwe iliyopinda bila kukuuliza. Kwenye iPhone mpangilio unaofanya hivyo unaitwa Smart Punctuation. Kwa macho ni karibu kitu kimoja, lakini ndani ya kompyuta ni herufi mbili tofauti. Ndiyo maana unaweza kutafuta ng'ombe kwenye waraka ulioujaza wewe mwenyewe ukaambiwa neno hilo halimo.

Ritifaa iliyosimama huhifadhiwa kwa baiti moja, na karibu kila mfumo unaijua. Iliyopinda, katika mfumo wa UTF-8 unaotumika sana leo, huchukua baiti tatu: E2, 80 na 99. Barua ikifika kwenye programu inayodhani imeandikwa kwa mfumo wa zamani wa Windows-1252, ambamo kila baiti ni herufi moja, baiti hizo tatu husomwa moja moja: â, kisha €, kisha ™. Hiyo ndiyo ngâ€™ombe. Hakuna kilichopotea, barua imesomwa kwa ufunguo usio wake, na ukichagua UTF-8 kwenye mipangilio ya kuisomea, neno linarudi. Hatari ni kuihifadhi ikiwa katika hali hiyo na kuituma tena, maana kosa likirudiwa alama tatu huzaa nyingine, na neno linakuwa ngÃ¢â‚¬â„¢ombe.

Alama ya kuuliza ni jeraha baya zaidi. Ng?ombe maana yake ni kwamba neno limepita kwenye mfumo usio na ritifaa iliyopinda, nao ukaweka ? mahali pake. Hapo herufi ya asili imefutwa, na hakuna mpangilio utakaoirudisha. Ama ng'ombe, hiyo hutoka kwenye kurasa za mtandao: 39 ni namba ya ritifaa iliyosimama, na programu huiandika kwa namba makusudi ili isichanganyike na alama zake yenyewe. Ukiiona wazi hivyo, ujue ubadilishaji ulifanyika mara mbili, au haukufunguliwa kabla ya kuoneshwa.

Ubadilishaji huo una sababu. Katika hifadhidata nyingi ritifaa hutumika kufungua na kufunga maandishi. Mtu akijiandikisha kwa jina la Ng'ang'a kwenye mfumo uliotengenezwa kwa uzembe, mashine inasoma Ng, inadhani jina limekwisha, na fomu inakataa. Karani aliye na foleni mbele yake atafanya nini? Ataandika Nganga. Miaka ikipita, cheti cha kuzaliwa kinasema Ng'ang'a na kadi ya benki inasema Nganga, na mwenye jina ndiye anayetakiwa kuapa kwamba ni mtu mmoja. Hili linaniudhi kuliko mengine yote, kwa sababu dawa yake inajulikana na kila mtengeneza programu aliyefundishwa vizuri: thamani itumwe kando ya amri, isichanganywe nayo.

Ritifaa iliyopinda inaumiza hata mfuko. Chukua ujumbe huu wa simu: "Chanjo ya ng'ombe dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo itafanyika Jumamosi saa 2 asubuhi kwenye josho la kijiji. Leta ng'ombe wote pamoja na ndama." Una herufi 146, tukihesabu na nafasi. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba 160, kwa hiyo huu ni mmoja. Lakini alfabeti ya ujumbe huo ina ' na haina ’. Ukiunakili kutoka kwenye waraka uliopindisha ritifaa, ujumbe mzima unahamia mfumo mpana ambamo mwisho ni herufi 70, na zikizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Ujumbe wako sasa ni vipande 3. Kwa wafugaji 500, unalipia 1,500 badala ya 500, na hakuna aliyeona tofauti kwenye kioo.

Kistari nacho kina visa vyake. Walimu na watunga kamusi huandika mizizi hivi: -zuri, -dogo, -soma. Jaribu kuiweka kwenye Excel: badala ya -zuri utapata #NAME?, kwa sababu kistari mwanzoni kimechukuliwa kuwa alama ya kutoa, nayo haijui zuri ni kiasi gani. Ugeuze safu iwe ya maandishi kabla ya kuanza kujaza, au utangulize ritifaa iliyosimama, ambayo hapo haitaonekana.

Ukipewa faili lililokwisha kuharibika, fuata mpangilio huu. Lifungue kwanza kama UTF-8, kabla ya kusahihisha chochote kwa mkono. Kisha geuza kila ’ iwe ', maana faili la kufanyia kazi lihifadhi ritifaa iliyosimama tu. Ya kupinda ingoje siku ya kuchapa. Baada ya hapo tafuta ng? iliyoshikana na irabu inayoifuata, uiweke ng', na hapo huwezi kukosea sana, kwa kuwa alama ya kuuliza haina kazi katikati ya neno. Yanayobaki ni yale ambayo ritifaa iling'olewa bila kuacha alama. Ngombe utaitambua mara moja. Ngoa na ngara lazima usome sentensi nzima, moja baada ya nyingine.