Fomu ya mtandaoni inapomnyima asiyeona nafasi ya kujijazia

MWANAFUNZI asiyeona mjini Kisii akitaka kujaza fomu ya basari kwenye mtandao hahitaji tarakilishi ya pekee. Programu ya NVDA, ambayo imekuwa ikitolewa bila malipo tangu 2006, husoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini ya tarakilishi ya kawaida. Badala ya kipanya, yeye hutumia kibodi. Kila anapobonyeza Tab, hupelekwa kwenye kisanduku au kitufe kinachofuata, na programu humtajia jina la mahali alipofika.

Kizuizi huwa ni fomu yenyewe. Ikiwa haikuundwa sawasawa, mwanafunzi huyo hulazimika kwenda kwenye saibakafe na kumsomea mhudumu asiyemjua namba ya kitambulisho cha mzazi wake, hali ya jamaa yake na kiasi cha karo kinachodaiwa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kuyafikia maelezo kwa njia inayofaa. Hata hivyo, haki hiyo inaweza kupotelea katika mistari michache ya msimbo.

Tuchukue mfano wa fomu ya basari iliyokwisha kuwekwa mtandaoni. Kaunti ya Kisii ina maeneobunge 9 na wadi 45, kwa hivyo fomu inamtaka mwombaji achague eneobunge kwanza, kisha wadi. Mtunzi wa ukurasa ameandika hivi:

```
<p>Eneobunge</p>
<select name="eneo">
  <option>Chagua</option>
</select>
<p>Wadi</p>
<select name="wadi">
  <option>Chagua</option>
</select>
```

Mwenye kuona hasumbuki, kwa sababu neno "Wadi" liko juu ya orodha yake na jicho huunganisha vitu vilivyo karibu. Programu ya kusoma haina jicho hilo. Haikisii kwamba maneno yaliyo juu ni jina la orodha iliyo chini. Mwombaji akifika kwenye orodha ya kwanza kwa Tab husikia "Chagua", na akifika kwenye ya pili husikia "Chagua" tena. Achague nini? Hajui.

Dawa yake ni kulifunga jina kwenye orodha yake:

```
<label for="wadi">Wadi</label>
<select id="wadi" name="wadi">
```

Neno lililo katika `for` lazima lilingane na lililo katika `id`. Sura ya ukurasa haibadiliki sana, na kwa kuwa `name` imeachwa kama ilivyokuwa, afisi inayopokea maombi itaendelea kuyapokea vile vile. Hii ndiyo sababu ukurasa wa zamani unaweza kurekebishwa bila kuandikwa upya.

Kuna kosa moja linalojitokeza mara kwa mara katika marekebisho haya. Mtunzi hunakili mstari wa kwanza ili autumie kwa kisanduku cha pili, lakini husahau kubadilisha `id`. Majina yote mawili hujifunga kwenye kisanduku cha kwanza, nacho cha pili hubaki bila jina. Njia rahisi ya kugundua hitilafu hiyo ni kubofya jina lenyewe kwa kipanya. Jina likiwa limefungwa vyema, mshale wa kuandikia huingia katika kisanduku chake. Ukiingia kwingine, au usiingie popote, kuna kasoro.

Wako pia wanaoandika jina ndani ya kisanduku kwa rangi hafifu kupitia `placeholder`. Maandishi hayo hutoweka pindi mtu anapoanza kuandika, na anayerudi kukagua majibu yake hakuti tena swali. Hayafai kuchukua nafasi ya jina.

Majina yakishapatikana, linafuata suala la mpangilio. Fomu yetu ina safu mbili: kushoto ni habari za mwanafunzi, kulia ni za mzazi. Zimepangwa kwa jedwali, na kibodi hufuata utaratibu wa msimbo, mstari kwa mstari. Kwa hivyo mwombaji hutoka kwenye jina la mwanafunzi hadi jina la mzazi, kisha hurudi kwenye namba ya cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi, halafu namba ya kitambulisho cha mzazi. Ikiwa visanduku viwili vinaitwa "Namba" tu, ni rahisi kuandika namba ya mmoja mahali pa mwingine, na ombi likakataliwa bila mwenyewe kujua sababu.

Watunzi wengi hukimbilia kuvipa visanduku nambari za foleni, yaani `tabindex="1"`, `tabindex="2"` na kuendelea. Suluhisho hilo huzaa tatizo jipya. Vyenye nambari hizo hutangulia kila kitu kwenye ukurasa, hata viungo vilivyo juu yake, na kisanduku kitakachoongezwa baadaye bila nambari husukumwa nyuma ya vyote hata kikionekana katikati. Lililo bora ni kuziondoa nambari hizo na kuupanga msimbo wenyewe: habari zote za mwanafunzi kwanza, kisha zote za mzazi, kila kundi ndani ya `fieldset` yenye kichwa chake katika `legend`. Hapo programu husoma kichwa cha kundi mwombaji anapoingia ndani yake.

La tatu ni rangi. Asiyeona kabisa haathiriwi na weupe wala weusi wa herufi, lakini wapo wenye uoni hafifu ambao husikiliza huku wakitazama. Mwongozo wa kimataifa wa WCAG unataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa rangi iliyo nyuma yake utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Kwa herufi kubwa, 3 kwa 1 hutosha. Kijivu `#999999` juu ya nyeupe hupata takriban 2.8, kwa hivyo hakifai. Kijivu `#595959` hupata 7. Wengi watashangaa kusikia kuwa nyekundu kamili, `#FF0000`, inayopendwa kwa maonyo, hufikia 4 tu.

Onyo lenyewe lisitegemee rangi pekee. Fomu ikisema "jaza visanduku vyekundu", asiyeona hana la kufanya, kwa sababu programu haimtangazii rangi hiyo. Onyo liandikwe kwa maneno, kwa mfano "Hujachagua wadi", na lifungwe kwenye kisanduku kinachohusika:

```
<select id="wadi" name="wadi"
  aria-describedby="onyo-wadi">
  <option>Chagua</option>
</select>
<p id="onyo-wadi">Hujachagua wadi.</p>
```

Zipo programu za ukaguzi ambazo hugundua kisanduku kisicho na jina na kupima uwiano wa rangi kwa dakika chache. Lakini haziwezi kutambua kwamba kisanduku cha mzazi kimepewa jina la mwanafunzi, wala kwamba mpangilio unamchanganya mtu. Hayo hubainika kwa kujaribu. Mtunzi na aweke kipanya kando, awashe NVDA, azime skrini na kuijaza fomu kuanzia jina hadi kitufe cha kutuma. Kisha ampe kibodi mtu asiyeona, naye anyamaze. Kila mahali mtu huyo atakapouliza "hapa wanataka nini?" ndipo penye kasoro.