Chupa ya mwanambuzi yatima

Mbuzi akifa baada ya kuzaa, mfugaji hukimbilia dukani kununua unga wa maziwa wa kulelea ndama au wanambuzi. Unga huo utafaa, ila una pengo moja: hauna kinga. Kwa hiyo maziwa ya kwanza anayoyahitaji kichanga huyo ni dang'a, ikiwezekana ndani ya saa 6 tangu azaliwe, hata kama yatakamuliwa kwa mbuzi mwingine aliyezaa karibuni.

Tuseme ana kilo 2.5. Kwa siku anahitaji maziwa yanayokaribia sehemu moja ya tano ya uzito wake, yaani nusu lita. Yagawe mara tano, mililita 100 kila mara: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Wiki ya pili mpe mara nne, kuanzia ya tatu mara tatu, na kiasi kiongezeke kadiri uzito unavyopanda. Atalia kama hajala kitu. Mwache alie, chupa ya huruma ndiyo inayowaua wengi.

Sababu iko tumboni. Mbuzi ana vyumba vinne vya tumbo. Mwanambuzi anaponyonya amesimama, shingo imenyooka, mfereji mdogo hujifunga na kuyapeleka maziwa moja kwa moja chumba cha nne. Akimiminiwa mdomoni kwa nguvu, huenda yakaangukia chumba cha kwanza, yakachacha na kutoa gesi. Hata chumba cha nne hakina usalama akibugia mengi kwa mara moja: bakteria huishambulia sukari ya maziwa, na tumbo huvimba. Ndiyo maana hupaswi kupanua tundu la chuchu ili amalize haraka.

Koroga unga kwa vipimo vya mfuko wake, bila mabonge, kisha mpe maziwa yakiwa na nyuzijoto 39 hivi, sawa na joto la mwili wake. Huna kipimajoto? Dondosha tone upande wa ndani wa kiwiko. Liwe vuguvugu, lisiunguze. Joto lisibadilikebadilike, asubuhi moto na jioni baridi. Mtie pia kidole mdomoni kabla ya kumlisha. Mdomo ukiwa wa baridi, mpashe mwili joto kwanza, maana tumbo la mwili uliopoa halisagi maziwa.

Akimaliza, tumbo linapaswa kujaa tu, ubavu ukiwa umenyooka. Likitokeza nje na kukaza kama ngoma, naye akasaga meno au kujinyoosha kwa maumivu, usimpe chupa inayofuata. Mwite mtaalamu wa mifugo saa hiyohiyo. Uvimbe huu unaweza kumuua kabla hakujapambazuka.