Bei uliyonunulia haikuambii uuze au ushike

Kila Safaricom inapotangaza gawio, naletewa swali lile lile. "Nilinunua hisa kwa shilingi 5 zilipouzwa kwa umma mwaka 2008. Kwa mwaka ulioishia Machi 2024 nililipwa shilingi 1.20 kwa kila hisa, yaani asilimia 24. Kwa nini nihangaike na bondi za serikali?" Hesabu yake ni sahihi, ila jibu analotafuta halimo ndani ya hesabu hiyo.

Gawio ukiligawa kwa bei uliyonunulia, unapata kipimo cha uamuzi wa mwaka 2008, nao ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini shilingi 5 zile hazipo tena. Ulicho nacho mkononi ni hisa yenye bei ya leo, na hiyo ndiyo pesa unayochagua kuiacha humo kila asubuhi.

Chukua mwenye hisa mwingine, aliyenunua mwaka 2021 kwa shilingi 40. Naye alilipwa 1.20 ile ile, siku ile ile. Kwa bei yake ya ununuzi, alipata asilimia 3. Wakiuza leo, wote wawili watapewa bei moja. Wakishika, watalipwa gawio moja. Sasa iweje hisa hiyo iwe ya kushikwa kwa mmoja na ya kuuzwa kwa mwingine? Soko halijui ulinunua lini.

Turudi Februari 2024, Benki Kuu ya Kenya ilipouza bondi ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Tuseme siku hiyo hisa ingeuzwa kwa shilingi 14. Gawio la 1.20, likishakatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mkazi wa Kenya, linabaki 1.14. Gawa kwa 14: asilimia 8.1. Shilingi 14 hizo hizo zikiwekwa kwenye bondi zingeleta takriban 2.58 kwa mwaka. Mwenye "asilimia 24" aliona amewashinda wenye bondi, kumbe mapato yake ya mwaka hayakufika nusu ya yao. Anaweza bado kuwa na sababu ya kushika, kwa kuwa gawio na bei ya hisa vinaweza kupanda, na riba ya bondi hiyo haipandi. Basi aseme hivyo, kwamba anangojea ukuaji. Asijitetee kwa asilimia 24.

Swali ambalo wachache huniuliza ndilo lenye uzito zaidi: je, kampuni inamudu kulilipa gawio hilo? Hapo ndipo unapofungua ripoti ya mwaka na kutafuta uwiano wa mgao, yaani sehemu ya faida iliyotolewa kama gawio. Na hapo pia watu huteleza. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, faida ya kundi zima la Safaricom baada ya kodi ilikuwa karibu shilingi bilioni 42.7, na gawio karibu bilioni 48.1. Ukigawa, unapata asilimia 113, na unadhani kampuni inalipa kuliko inavyopata.

Shuka mistari michache chini ya faida hiyo. Utakuta imegawanywa kati ya wenye hisa wa kampuni mama na wabia wengine. Biashara ya Ethiopia ilikuwa na hasara kubwa, na sehemu ya hasara hiyo ni ya wabia wa huko, si yako. Faida ya wenye hisa wa Safaricom ilikuwa karibu bilioni 63, sawa na shilingi 1.57 kwa kila hisa. Gawa 1.20 kwa 1.57: asilimia 76. Gawio lilifunikwa na faida, robo hivi ikabaki. Ukiuona uwiano huo ukivuka 100 miaka miwili mfululizo, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha uone kama gawio linalipwa kwa mkopo.

Kwa hiyo, ukishika ripoti: jumlisha gawio la muda na la mwisho; kwa mwaka ulioishia Machi 2024 yalikuwa 0.55 na 0.65, na wengi huhesabu moja tu. Toa kodi. Gawa kwa bei ya leo kabla ya kulinganisha na chochote kingine. Gawa gawio lisilokatwa kodi kwa faida ya kila hisa, iliyo chini kabisa ya taarifa ya mapato. Bei ya ununuzi itumie kupima faida yako ya jumla tu. Ukiwa umenunua mara kadhaa, chukua wastani pamoja na ada za dalali, na urekebishe kama kampuni imewahi kutoa hisa za ziada. Kisha jiulize: ningekuwa na pesa taslimu leo, ningenunua hisa hii kwa bei hii? Kama ungekataa, asilimia 24 haikupi sababu ya kuendelea kuishika.