Bureti Haziombewi Shahada

Mwalimu wa kemia anayeomba ufadhili wa Chevening kwenda Uingereza kusomea uandaaji wa mitaala huanza, mara nyingi, na kilio cha vifaa: bureti mbili kwa darasa zima. Kilio ni cha kweli, lakini kinamponza. Msomaji wa maombi atajiuliza: kwa nini huyu asiombe bureti?

Barua yenye nguvu huanza na tatizo ambalo bureti mia zisingelimaliza. Tuseme wanafunzi wake wanadondoshea asidi kwenye besi vizuri, rangi inabadilika, wanaandika ujazo. Ila wakiulizwa kwa nini walirudia kipimo mara tatu, kimya. Mazoezi yao hutuza jibu la mwisho, si hoja. Hapo pana swali la mtaala: lengo lililoandikwa, kinachofundishwa na kinachopimwa haviendani. Aeleze alichojaribu mwenyewe, mathalani kutoa alama kwa maelezo ya makosa ya kipimo, na kilichobadilika kwenye madaftari. Kisha ataje somo mahususi la kozi, kama upimaji, litakalojaza pengo lake.

Aya ya kurudi nyumbani ndiyo huandikwa kivivu kuliko zote. Chevening humtaka mnufaika arudi kwao kwa angalau miaka 2, hivyo “nitalitumikia taifa” haitoshi. Mitaala ya shule Tanzania huandaliwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mwalimu aseme atapeleka nini huko, kwa mfano rasimu ya mazoezi ya vitendo ya kidato cha tatu iliyojaribiwa kwanza katika shule za jirani.